Upasuaji umegongana na siku ya kesi: barua ya kuomba ahirisho iandikweje?

*"Mimi ni mdai katika kesi ya madai Mahakama ya Wilaya, nadai pesa za mpunga niliouza. Sina wakili. Kesi imepangwa kusikilizwa tarehe 18 Juni na mimi ndiye shahidi wa kwanza. Hospitali imenipangia kuondolewa kizazi tarehe 9 Juni, na daktari amesema nitapumzika wiki sita. Mwezi wa nne kesi iliahirishwa kwa sababu yangu, nilikuwa na msiba. Je, nikimwachia karani barua na karatasi ya ED inatosha? Na ni lazima nitaje ugonjwa wangu? Mdaiwa ni jirani yangu, sitaki mtaa mzima ujue."*

Pole sana, dada. Nianze na ED, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka. Karatasi ya ED haitoshi. Si kwamba ni ya uongo. Ni kwamba imeandikwa kwa ajili ya mwajiri. Inasema fulani asipangiwe kazi kwa siku kadhaa, basi. Hakimu anayeisoma ana swali jingine kabisa: je, mtu huyu anaweza kufika hapa tarehe 18, kukaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi, kisha kusimama kizimbani na kuhojiwa? Mtu mwenye ED ya jino lililong'olewa anaweza. Aliyefunguliwa tumbo siku tisa zilizopita hawezi. ED haiwatofautishi watu hawa wawili, na wakili wa mdaiwa akitaka kupinga ombi lako ataanzia hapohapo.

Ili uelewe kwa nini nasisitiza, jiweke kwenye kiti cha hakimu siku hiyo. Karani anaita shauri. Mdaiwa anasimama, mdai hayupo. Kilichopo mbele ya hakimu ni jalada tu. Kama ndani ya jalada hamna kitu kinachoeleza kutokuwapo kwako, mdaiwa ataomba shauri lifutwe kwa kuwa mdai ameshindwa kufika, na Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inampa hakimu mamlaka ya kufanya hivyo siku ya kusikilizwa. Shauri likifutwa kwa njia hiyo huwezi kufungua jipya juu ya deni lilelile. Unabaki na mlango mmoja: kuomba mahakama hiyohiyo iondoe amri yake, kwa maombi rasmi yenye hati ya kiapo, ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria. Inawezekana, lakini ni safari ndefu kwa mtu mwenye mshono mbichi.

Sheria hiyohiyo, katika Amri ya 17, inamruhusu hakimu kuahirisha usikilizwaji wakati wowote akionyeshwa sababu ya kutosha. Lishike neno hilo, "akionyeshwa". Ahirisho si haki yako kwa kuwa unaumwa. Ni hiari ya hakimu, na hiari hiyo anaitumia kwa kupima anachokiona. Kwa hiyo kazi ya barua yako ni kumwekea jaladani, mapema, kila anachohitaji ili aandike amri moja: shauri limeahirishwa hadi tarehe fulani.

Kabla ya yote angalia tena hati ya wito, au uliza masijala: tarehe 18 ni ya *kusikilizwa* au ya *kutajwa*? Watu huzichanganya sana. Siku ya kutajwa mahakama huangalia shauri limefikia wapi na kupanga hatua inayofuata. Ushahidi hauchukuliwi, na kwa kawaida si siku ya kufuta shauri. Kama ni kutajwa, taarifa fupi kwa barua na ndugu wa kusimama badala yako vitakutosha. Kwa kuwa unasema wewe ndiye shahidi wa kwanza, nachukulia ni kusikilizwa, na ninaendelea hivyo.

Sasa cheti. Rudi kwa daktari wako kabla ya kulazwa, umwambie wazi kwamba unahitaji cheti cha daktari kwa ajili ya mahakama. Kiwe kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, kiwe na tarehe, na jina lako liwe lilelile lililo kwenye hati ya madai. Hili la jina linaonekana dogo, lakini kama mahakamani umeandikwa majina matatu na hospitalini una mawili, au hospitalini umeandikishwa kwa jina la mume, umempa mpinzani wako swali la bure. Cheti kitaje tarehe ya kulazwa na ya upasuaji, na muda wa mapumziko kwa tarehe, si kwa wiki tu. Kwako wewe wiki sita kuanzia 9 Juni zinaishia 21 Julai. Daktari aandike hivyo. Chini kiwe na jina lake, namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari, sahihi na muhuri.

Sentensi moja katika cheti hicho ndiyo itakayobeba ombi lako, na madaktari wengi huisahau kwa sababu hakuna aliyewaomba: "Katika kipindi hiki mgonjwa hataweza kusafiri, kukaa kwa muda mrefu wala kuhudhuria mahakamani." Muombe aiandike kama kweli ndivyo anavyoona. Usimwombe aandike asiloliamini, wala arudishe tarehe nyuma. Hakimu anaweza kumwita daktari aeleze cheti chake, na cheti cha uongo ni kosa la jinai kwa aliyekitoa na aliyekitumia.

Tuje kwenye faragha yako, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Si lazima kutaja kizazi. Hakimu hahitaji kujua ni kiungo gani. Anahitaji kujua ukubwa wa upasuaji na athari yake kwa uwezo wako wa kufika. "Upasuaji mkubwa wa tumbo" ni maneno ya kweli na yanatosha, kwenye barua na kwenye cheti. Daktari anafungwa na wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa, kwa hiyo wewe ndiye unayemwambia aandike nini na nini akiache. Mwambie kabla hajashika kalamu.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka mitaani nisioukubali: kwamba upeleke maelezo kamili ndani ya bahasha iliyoandikwa "siri, kwa hakimu peke yake". Usifanye hivyo. Hakimu hatakiwi kuamua kwa kutegemea karatasi ambayo upande wa pili haujaiona. Akiwa mwangalifu, ama ataikataa bahasha, ama ataifungua mbele ya wote, na hapo siri yako itakuwa imeanikwa na mkono wako mwenyewe. Kinga iliyo imara ni kuandika kidogo, kilicho kweli, kinachotosha. Ikitokea mdaiwa akabisha na hakimu akataka undani zaidi, ndugu atakayefika siku hiyo anaweza kuomba kwa heshima jambo hilo lisikilizwe chemba, si mbele ya watu waliojaa ukumbini.

Nakala kwa mdaiwa haikwepeki. Najua inakuuma, lakini inakusaidia wewe. Ukimpa nakala wiki mbili kabla, hawezi kusema tarehe 18 kwamba ameshtukizwa, ameleta mashahidi kutoka mbali na anadai alipwe nauli zao. Mahakama ikiahirisha ina uwezo wa kukuamuru ulipe gharama za upande wa pili za siku hiyo, na hoja kuu ya kukuepusha na amri hiyo ni kwamba uliwajulisha mapema wasijisumbue. Kama mdaiwa ana wakili, nakala iende kwa wakili, si kwa jirani mlangoni. Hilo peke yake litapunguza maneno ya mtaani.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo usimlipe mtu wa steshenari akuandikie Kiingereza ambacho huwezi kukisoma mwenyewe. Mimi ningekuandikia hivi:

*Hakimu Mfawidhi,*
*Mahakama ya Wilaya ya …………,*
*S.L.P. …………*

*25 Mei 2026*

*YAH: SHAURI LA MADAI NA. …… LA MWAKA …… KATI YA ………… (MDAI) NA ………… (MDAIWA): OMBI LA KUAHIRISHA USIKILIZWAJI WA TAREHE 18 JUNI 2026*

*Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mdai katika shauri hili, lililo mbele ya Mheshimiwa …………, Hakimu. Shauri limepangwa kusikilizwa tarehe 18 Juni 2026 saa 3:00 asubuhi, nami ni shahidi wa kwanza.*

*Tarehe 9 Juni 2026 nitafanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo katika Hospitali ya …………. Kwa mujibu wa cheti cha daktari kilichoambatanishwa, sitaweza kuhudhuria mahakamani hadi tarehe 21 Julai 2026. Tarehe ya upasuaji ilipangwa na hospitali tarehe 22 Mei 2026, baada ya mahakama kuwa imeshapanga siku ya kusikilizwa.*

*Natambua kwamba shauri hili liliahirishwa mwezi Aprili kwa ombi langu kutokana na msiba. Ombi la sasa ni la sababu tofauti iliyo nje ya uwezo wangu, na sina nia ya kuchelewesha shauri ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyelifungua.*

*Naomba usikilizwaji uahirishwe hadi tarehe yoyote itakayoipendeza Mahakama kuanzia 27 Julai 2026. Nitakuwa tayari kutoa ushahidi siku hiyo. Tarehe 18 Juni ndugu yangu, …………, atafika mahakamani kutoa taarifa na kupokea tarehe mpya.*

*Naomba kuwasilisha.*

*(Sahihi, jina, namba ya simu)*

*Kiambatanisho: Cheti cha daktari cha tarehe …………*
*Nakala: Wakili wa mdaiwa / Mdaiwa*

Tazama aya ya nne. Wengi wangeificha habari ya Aprili wakitumaini hakimu amesahau. Hajasahau, imo kwenye mwenendo wa shauri kwa mwandiko wake. Shauri likipita miezi 12 katika mahakama ya wilaya linahesabiwa kuwa la mlundikano, na hakimu huulizwa na wakuu wake. Ahirisho la pili kwa upande uleule linamgusa moja kwa moja. Ukilitaja mwenyewe na kuonyesha tofauti ya sababu, umemwondolea mdaiwa hoja aliyokuwa ameishika kama karata ya mwisho.

Tazama pia kwamba nimeomba tarehe 27, si 22. Siku ya mwisho ya mapumziko kwenye cheti si siku ya kwanza ya kuwa mzima. Kuna kliniki ya marudio, na kidonda kinaweza kuchelewa kukauka. Ukiomba tarehe ya karibu mno ukaja kushindwa, utakuwa unaomba ahirisho la tatu, na hilo sitakudanganya: uwezekano wa kulipata ni mdogo.

Peleka barua mara tu cheti kinapopatikana. Chapisha nakala tatu: moja ya mahakama, moja ya mdaiwa, moja yako. Masijala waigonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako pia, wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri huo. Uliza kama barua itaingizwa pia katika mfumo wa kielektroniki wa mashauri, na uhakikishe namba ya shauri imeandikwa sawasawa, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na mwaka. Niliwahi kusimama na mteja ambaye barua yake ilipokelewa vizuri kabisa, lakini alikuwa amekosea tarakimu moja. Ikawekwa kwenye jalada la watu wengine. Siku ya kesi hakimu hakuiona, shauri likafutwa, na kilichokuja kutuokoa miezi iliyofuata ni ile nakala yenye muhuri aliyoihifadhi kabatini. Wala usimpigie hakimu simu au kumtafuta ofisini peke yako, hata kama mnafahamiana. Barua ndiyo njia, na upande wa pili lazima ujue.

Barua peke yake, hata yenye muhuri, isikufanye ulale. Lazima awepo mtu tarehe 18. Kaka yako au binti yako mtu mzima afike kabla ya saa tatu, ajitambulishe kwa karani wa hakimu na kumwonyesha nakala. Shauri likiitwa asimame aseme: "Mheshimiwa, naitwa fulani, ni kaka wa mdai. Mdai amefanyiwa upasuaji tarehe 9, yupo kwenye mapumziko. Barua na cheti vimo jaladani, na nina nakala hapa." Ukiacha lile ombi la chemba, aishie hapo. Asibishane na wakili, asijibu maswali kuhusu mpunga wala deni. Katika mahakama ya wilaya ndugu hawi wakili wako. Kazi yake ni kutoa taarifa, kusikia tarehe mpya na kuiandika. Mambo ni tofauti kidogo kwa wenye mashauri ya madai Mahakama ya Mwanzo: kule kifungu cha 33 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu kinamruhusu hakimu, kwa ombi la mwenye shauri, kumkubali ndugu au mtu wa nyumba yake amwakilishe.

Ampelekee pia karatasi ya ruhusa ya hospitali uliyopewa siku ya kutoka, kama umeshatoka. Cheti cha Mei kinasema *utafanyiwa*. Karatasi ya Juni inathibitisha kwamba *umefanyiwa*. Hapo kuna jambo linalosahaulika: hospitali nazo huahirisha. Damu haikupatikana, shinikizo limepanda, chumba cha upasuaji kimejaa dharura. Kama tarehe 9 itapita bila upasuaji, andika barua fupi siku hiyohiyo kuijulisha mahakama, ukitaja tarehe mpya ya hospitali. Na kama tarehe 18 utakuwa bado hujapasuliwa na una nguvu, nenda ukatoe ushahidi. Mdaiwa akikuona sokoni siku ambayo barua yako inasema uko kitandani, hakuna cheti kitakachokusafisha.

Uliza pia swali hili, ingawa hukuniuliza: upasuaji wenyewe unaweza kusubiri? Muulize daktari, si mimi. Kama unavuja damu na umepungukiwa damu, jibu ni hapana, na wala usiwaze kesi. Muombe tu aandike kwenye cheti kwamba upasuaji haufai kucheleweshwa. Lakini kama ni upasuaji wa kupangwa na daktari anasema hata tarehe 23 ni salama, mimi ningekushauri utoe ushahidi wako kwanza tarehe 18. Ushahidi wa mdai ukishaingia umevuka sehemu ngumu, na utapona ukiwa na mawazo machache. Njia nyingine ni kuomba kutoa ushahidi kwa video, jambo ambalo kanuni zetu zinaruhusu na baadhi ya mahakama zina vifaa vyake. Kwako siipendekezi: siku tisa baada ya upasuaji mtu bado yuko kwenye dawa za maumivu, na kuhojiwa na wakili katika hali hiyo kunaweza kukuharibia kesi nzuri.

Hakimu akikataa, na anaweza kukataa, mambo mawili yanaweza kufuata. Anaweza kuahirisha kwa siku chache tu na kusema ni ahirisho la mwisho. Hapo rudi kwa daktari upate cheti kipya, na safari hii ukiambatanishe na hati ya kiapo, kwa sababu maneno ya barua si ushahidi lakini ya kiapo ni ushahidi. Au anaweza kulifuta shauri. Likifutwa, usisubiri wiki sita ziishe. Ndugu yako aombe nakala ya amri siku hiyohiyo, na amwone wakili au msaidizi wa kisheria akiwa na nakala yenye muhuri, cheti, karatasi ya ruhusa na stakabadhi za hospitali. Wanaotoa msaada huo bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanapatikana kwa kuuliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya. Muda wa kuomba shauri lirudishwe unaanza kuhesabika tangu amri ilipotolewa, uwe umelazwa au la.

Neno la haraka kwa msomaji mwenye kesi ya jinai aliye nje kwa dhamana: usiifuate barua hii kama ilivyo. Kwako kutofika kunaweza kuzaa hati ya kukamatwa na kumtia mdhamini wako matatani. Mdhamini ndiye anayepaswa kusimama mahakamani siku hiyo akiwa na cheti mkononi, na ni vizuri umwone wakili ana kwa ana kabla ya kulazwa.

Wewe, dada, una muda bado. Kesho nenda kwa daktari na karatasi yenye ile sentensi moja ya kuhudhuria mahakamani, na namba ya shauri inakiliwe kutoka kwenye hati ya wito, si kutoka kichwani.